Tamagoyaki: Kimanda Kitamu Kinachojengwa kwa Safu

Kata pande la tamagoyaki katikati, uligeuze ubavu uangalie ndani. Utaona mstatili wa manjano uliokoza sawasawa toka ukingo hadi ukingo, na ndani yake mistari hafifu inayojizungusha kama ya mkeka uliokunjwa. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna pilipili hoho. Ni yai, sukari, supu kidogo na tone la sosi ya soya. Anayekitia mdomoni kwa mara ya kwanza hushtuka kidogo, kwa sababu macho yamemwambia hiki ni kimanda cha chumvi, na ulimi unakutana na utamu.

Kwao Japani hakuna anayeshtuka. Tamagoyaki huliwa asubuhi pamoja na wali na supu ya maharage ya soya. Huwekwa kwenye bento, yaani kibweta cha chakula ambacho mtoto hubeba kwenda shule na mfanyakazi kwenda kazini. Kwenye migahawa ya sushi hulazwa juu ya tonge la wali na kufungwa kwa ukanda mwembamba wa mwani mkavu. Lakini utamu wenyewe haulingani nchi nzima. Upande wa magharibi, Osaka na Kyoto, wapishi hutia supu nyingi na sukari kidogo sana au wasitie kabisa, na kimanda chao hutoka laini na chenye majimaji. Upande wa mashariki, Tokyo na majirani zake, hutia sukari bila kusita, na kimanda hutoka kimeshikamana na kimekoza rangi. Makala haya yanahusu hicho cha Tokyo.

Utamu huo una historia yake. Zamani Tokyo ilipokuwa ikiitwa Edo, yai lilikuwa kitu cha gharama na sukari vivyo hivyo. Katika karne ya 18 ulaji wa mayai ulikuwa umeshaenea vya kutosha hata mwaka 1785 kikachapishwa kitabu kizima cha mapishi ya mayai, lakini mtu wa kipato cha chini aliliona yai la kukaanga kwa sukari kuwa chakula cha wenye nazo. Ndiyo maana kiko kichekesho kinachosimuliwa mpaka leo na wasimulizi wa jadi wa Kijapani kuhusu mwenye nyumba na wapangaji wake mafukara wanaokwenda kutazama maua ya micheri. Desturi inataka wabebe pombe, samaki wa kusaga na tamagoyaki. Hawana hata kimoja. Basi mwenye nyumba anawapa chai iliyozimuliwa mahali pa pombe, na mahali pa tamagoyaki anawakatia figili iliyosindikwa, ambayo nayo ni ya manjano. Kicheko kinakuja pale wapangaji wanapotakiwa watafune bila kutoa sauti, maana figili hulia mdomoni na yai halilii.

Miaka ya 1960 mambo yaligeuka. Mayai yakawa mengi na rahisi, na kukazuka msemo ulioorodhesha vitu vitatu ambavyo kila mtoto wa Kijapani alivipenda: timu ya besiboli ya Giants ya Tokyo, mwanamieleka Taiho, aliyefikia daraja la juu kabisa la sumo mwaka 1961, na tamagoyaki. Chakula cha matajiri kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye kibweta cha mwanafunzi.

Sukari inafanya nini ndani ya yai

Mtu anaweza kudhani sukari imewekwa kwa ajili ya ladha tu. Ukweli ni kwamba inabadilisha namna yai linavyoiva, na ukilielewa hilo, karibu kila hatua ya upishi huu itajieleza yenyewe.

Yai bichi ni maji mengi yenye protini zilizojikunja vidonge vidogo vidogo. Joto linapopanda, protini hizo hukunjuka, hushikana na kufanya wavu unaokamata maji yaliyomo. Ute huanza kuwa mzito joto likivuka kidogo nyuzi 60 za Selsiasi, na kiini hufuata kwenye nyuzi 65 hadi 70. Joto likizidi mno, wavu unaendelea kujikaza na kuyakamua maji uliyoyashika. Hapo ndipo kimanda kinapokuwa kigumu kama mpira na kuacha maji kwenye sahani.

Sukari huzichelewesha protini zisishikane haraka, hivyo yai lenye sukari linahitaji joto kubwa kidogo kuliko lisilo nayo ili ligande. Supu nayo inazitawanya protini, zikawa mbalimbali. Vikiungana viwili hivyo, mpishi anapata nafasi pana zaidi kati ya yai lililoiva na yai lililokauka. Hiyo ndiyo faida, na ndiyo inayofanya tamagoyaki iwe laini hata ikipoa.

Hasara iko upande wa chini, pale yai linapogusa chuma. Sukari ikikutana na protini kwenye joto kali hugeuka hudhurungi upesi, na kutoka hudhurungi hadi kuungua ni sekunde chache. Mimina mchanganyiko wote kwa mara moja kama unavyofanya kwa chipsi mayai, na chini kutakuwa kumekwisha kuwa cheusi huku juu kungali kunacheza. Punguza moto usiungue, nacho kitakaa motoni muda mrefu mpaka kingo zikauke.

Safu nyembamba zinaumaliza ugomvi huo. Safu yenye unene wa milimita 2 huganda kwa sekunde kadhaa tu, kabla sukari haijapata muda wa kuungua. Ukiikunja, upande ulioguswa na moto unafichwa ndani na kuacha kupokea joto la moja kwa moja. Safu inayofuata inapata chuma safi, nayo inafanyiwa vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kimanda kinene cha sentimita 4 kinaiva chote bila sehemu yoyote kukaa motoni kupita kiasi.

Kikaango cha pembe nne

Umbo la kikaango halikuchaguliwa kwa urembo. Safu iliyomiminwa kwenye kikaango cha duara ni nene katikati na nyembamba kandokando, na ukiikunja ncha zake hubaki zimechongoka. Kwenye kikaango cha mstatili, safu ina upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kuta zake zinasaidia kukinyoosha kimanda kila unapokisukuma ukingoni.

Wapishi wa kazi hiyo hutumia kikaango cha shaba nyekundu kilichopakwa bati ndani. Shaba husambaza joto haraka na kwa usawa, kwa hiyo katikati na pembeni huiva pamoja. Ila bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, na kikaango kitupu kilichosahauliwa juu ya gesi hufika huko bila shida. Ndiyo maana kikaango cha aina hiyo hakiachwi motoni bila mafuta wala chakula. Cha Tokyo ni mraba. Cha magharibi ni chembamba na kirefu. Hata mkunjo unatofautiana: wako wapishi wanaoanza kukunja kutoka upande wa mbali kuja kwao, na wako wanaoanza upande wao kwenda mbali.

Kwa nyumbani, kikaango kisichogandisha chenye urefu wa sentimita 18 na upana wa 13 kinatosha, na ndicho kinachotumika katika nyumba nyingi za Japani zenyewe. Mwenye kikaango cha duara asikate tamaa. Mimina safu, kisha kabla ya kukunja, ingiza kingo za kushoto na kulia ndani ili ubaki na ukanda ulionyooka. Pande litakuwa na mabega ya mviringo kidogo, lakini ndani safu zitakuwepo.

Mayai 4 hatua kwa hatua

Chukua mayai 4 ya ukubwa wa kati, supu mililita 60, sukari vijiko vikubwa 2 vya kufuta, sosi ya soya kijiko kidogo 1 na chumvi robo ya kijiko kidogo. Ukivichanganya unapata karibu mililita 275. Kikaango cha sentimita 18 kwa 13 kina eneo la sentimita za mraba 234. Ukimimina mililita 55 kwa mara moja, unapata safu ya milimita 2 na ushei, na mchanganyiko wote utakwisha kwa mimino mitano. Upawa mdogo wa mililita 50 hivi ndio kipimo kizuri cha kukaa nacho mkononi.

Supu inayotumika Japani inaitwa dashi. Mara nyingi hutengenezwa kwa mwani mnene uitwao kombu na mapalizo membamba ya samaki aina ya sehewa aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama ubao. Si lazima uvitafute. Wajapani wenyewe wanayo dashi nyingine, ya dagaa wa baharini waliochemshwa kisha wakaanikwa, na njia hiyo ni ileile inayotumika kuwaandaa dagaa Unguja. Ondoa vichwa na matumbo ya dagaa kumi hivi, maana ndiyo yenye uchungu, waloweke kwenye kikombe kimoja cha maji kwa nusu saa, wachemshe dakika chache kwa moto mdogo, kisha chuja. Onja kwanza kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa dagaa wa kwetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi na huenda supu isihitaji nyongeza. Asiyetaka harufu ya samaki atumie maji ya vuguvugu yaliyolowekwa uyoga mkavu, au maji matupu. Mapishi mengi ya Kijapani hutaja pia mirini, kileo kitamu cha mchele. Asiyetumia pombe aiache, sukari iliyopimwa hapa inatosha bila hiyo.

Yeyusha sukari na chumvi ndani ya supu ikiwa ya moto, kisha iache ipoe kabisa. Sukari isiyoyeyuka huzama chini ya bakuli, na upawa wa mwisho utakuwa na utamu wote, nao ndio utakaoungua. Vunja mayai, uyakoroge kwa vijiti au uma kwa kusogeza kulia na kushoto huku ncha zikigusa chini ya bakuli. Unaukata ute, hupigi povu. Povu huwa matundu ndani ya kimanda. Changanya na supu na sosi, kisha pitisha kwenye chujio. Ute mzito usiotaka kukatika utabaki kwenye chujio, na ukiupenyeza kidogo kwa kijiko utapita. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na aliyeiruka hujulikana: pande lake lina mabaka meupe.

Weka kikaango kwenye moto wa wastani. Kunja karatasi ya jikoni, ichovye kwenye mafuta yasiyo na harufu, upake chini na kwenye kuta zote. Mafuta yasionekane yakitembea. Yakitembea ni mengi, nayo yatazizuia safu zisishikane. Sasa chovya ncha ya kijiti kwenye yai na uguse kikaango. Likilia kidogo na kuganda hapohapo bila kubadilika rangi, moto uko sawa. Lisipolia, subiri. Likigeuka hudhurungi papo hapo, inua kikaango, kiweke juu ya kitambaa chenye maji kwa sekunde mbili tatu, halafu jaribu tena.

Mimina upawa wa kwanza na uinamishe kikaango ili yai lifike kila pembe. Likivimba mahali, toboa povu kwa ncha ya kijiti. Tazama uso wa juu: kingo zimeshaganda, katikati bado kunang'aa na ni kubichi kidogo. Huo ndio wakati wa kukunja. Ukingoja mpaka kukauke kabisa, hakutakuwa na cha kuziunganisha safu, kwa sababu ule ubichi wa juu ndio gundi. Anzia upande wa mbali, kunja mara tatu au nne kuja kwako. Mkunjo wa kwanza ukichanika au kupinda, endelea. Utafunikwa na safu nne nyingine na hakuna atakayeuona.

Sukuma bunda hilo hadi upande wa mbali. Paka mafuta sehemu iliyobaki wazi, kisha inua bunda kidogo upake na chini yake. Mimina upawa wa pili. Inua bunda tena kwa kijiti au mwiko bapa ili yai bichi lipite chini yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani yai lisipopita chini, safu mpya haishiki na ile ya zamani, na pande hufunguka ukilikata. Uso ukianza kuganda, kunja kuja kwako tena, safari hii bunda likiwa ndilo kiini cha mkunjo. Rudia mpaka mchanganyiko uishe. Safu ya nne na ya tano ndizo zitakazoonekana, kwa hiyo punguza moto kidogo. Kwa mtindo wa Tokyo, hudhurungi kidogo nje ni halali na huleta harufu nzuri, mradi isifike kwenye weusi.

Mwisho libane pande kwenye kuta za kikaango, upande mmoja baada ya mwingine, kwa sekunde chache. Litoe na ulifunge likiwa bado la moto kwenye mkeka mdogo wa mianzi au kitambaa safi cha jikoni, ulipe umbo kwa viganja. Liache dakika tano au zaidi. Ndani bado kuna joto linalomalizia kuivisha safu za kati, na wavu wa protini unatulia huku ukishikilia maji yake. Anayekata mara tu baada ya kuepua huona majimaji yakitoka na safu zikiteleza. Kata vipande vya sentimita 2 kwa kisu kikali, ukikifuta kila baada ya kukata.

Kulisoma pande lililokatwa

Uzuri wa chakula hiki ni kwamba makosa yake huandikwa ndani. Mpishi hana haja ya kukisia. Akikata tu, anaona.

Duara za hudhurungi zinazofuatana ndani maana yake ni kwamba moto ulikuwa mkali tangu mwanzo. Kila safu ilipata rangi kabla haijakunjwa. Dawa yake ni kupoza kikaango kati ya mimino, wala si kupunguza sukari. Matundu mengi madogo yanatokana na povu la kukoroga. Matundu makubwa machache ni mapovu ya motoni ambayo hayakutobolewa. Safu zinazoachana zinasema ama uso ulikaushwa kupita kiasi, ama mafuta yalizidi. Ukizigusa zikawa kavu, ni la kwanza. Zikiwa zinateleza, ni la pili.

Maji kwenye sahani yana sababu mbili zinazofanana kwa nje. Pande likiwa gumu na maji yakatoka, limepikwa sana na wavu umejikamua. Pande likiwa laini mno na maji yakatoka, supu ilizidi uwezo wa mayai. Kwa mayai 4, mtu anayeanza asivuke mililita 60. Wapishi wa magharibi mwa Japani hutia nyingi kuliko hizo na kimanda kikashika, lakini wao hukunja upesi sana, na kimanda chao huliwa palepale.

Kuna pia kosa la ukubwa. Ukitaka kupika mayai 6 kwenye kikaango hichohicho, usiongeze unene wa safu. Ongeza idadi ya mimino. Safu ya milimita 4 inarudisha shida ileile ya mwanzo, chini kuungua na juu kubaki bichi.

Jijini Tokyo, kwenye soko la nje la Tsukiji, kazi hii unaweza kuitazama ikifanywa kwa wingi. Soko la ndani, la jumla la samaki, lilihamia Toyosu mwezi Oktoba 2018, lakini maduka ya tamagoyaki ya soko la nje yalibaki. Mpishi husimama mbele ya vikaango kadhaa vya shaba vilivyopangwa mstari, akimimina hiki, akikunja kile na kugeuza cha tatu. Wateja wao ni pamoja na migahawa ya sushi, ambayo mingi hununua kimanda badala ya kukipika, na wapita njia wanaonunua kipande kilichochomekwa kwenye kijiti. Ukiangalia mikono yao utaona kwamba hawaongozwi na saa. Wanaangalia mng'ao wa uso, uleule unaokuonyesha wewe nyumbani wakati wa kukunja.

Kuhusu kukiweka, sukari hukifanya kimanda kibaki laini kikipoa, lakini haikilindi kisiharibike. Kwa joto la pwani yetu, kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Cha kubebwa kwenda shule au kazini kipunguziwe supu iwe nusu, kiivishwe hadi katikati kusiwe na ubichi wowote, na kipoe kabisa kabla ya kufunikwa, kwa kuwa mvuke unaofungiwa ndani ya chombo ndio unaoleta unyevu na kukiharibu mapema. Hata hivyo, kisilale njiani kwenye joto hadi mchana: kipakiwe pamoja na barafu ya kubebea au kiwekwe kwenye friji kikifika. Kilichobaki kikiwekwa kwenye friji huliwa siku ya pili kikiwa baridi vilevile. Ukikipasha moto, wavu wa protini unakazika upya na maji yanatoka, na ulaini ulioujenga safu kwa safu unapotea.